Steji mbili za RC kwenye PWM: zilingane, zipishane, au uweke bafa? Tulinganishe kabla hujalehemu

Ukitaka kugeuza PWM ya Arduino Uno iwe volti tulivu unaanza na rezista moja ya 10k na kapasita moja ya 1 µF, unaangalia kwenye osiloskopu, unaona bado inatikisika, halafu unasema ngoja nibandike nyingine kama hiyohiyo mbele yake. Wengi tumepita hapo. Shida ni kwamba hiyo steji ya pili kuna njia kama nne za kuiweka na hazilingani hata kidogo, na watu wengi wanachagua kwa kuangalia mtikisiko peke yake wakati mtikisiko ndo kitu pekee ambacho karibu hakibadiliki ukitoka njia moja kwenda nyingine. Kinachobadilika ni kona, yaani masafa ambapo filta inaanza kuikata ishara, inaangukia wapi, na volti inachukua muda gani kutulia. Nitatumia mfano mmoja tu mwanzo mpaka mwisho ili namba ziwe zinafuatana.

Mfano wenyewe: pini 9, PWM ya 490 Hz, volti 5, dyuti asilimia 50, kwa hiyo tunategemea volti 2.5 zilizonyooka. Steji moja ya 10k na 1 µF ina RC ya milisekunde 10, kona yake iko 15.9 Hz. Mtikisiko unaobaki ni kama milivolti 255 kutoka kilele cha chini mpaka cha juu, na ukibadilisha dyuti ghafla volti inafika ndani ya asilimia 1 ya mwisho wake baada ya milisekunde 46. Milivolti 255 ni nyingi mno kama unataka kuendesha kitu kinachosoma volti, ndo maana unataka steji ya pili.

Pale kuzidisha kunapodanganya

Darasani ukiwa na filta mbili mfululizo unazidisha. Kwenye kona steji moja inapitisha 0.707 ya ishara, ya pili nayo 0.707, ukizidisha unapata 0.5. Safi kabisa kwenye karatasi.

Sasa chukua jenereta ya ishara, weka wimbi la saini la volti 1 kwenye 15.9 Hz, unga steji mbili za 10k na 1 µF kwenye bredibodi, pima mwisho. Hupati 0.5, unapata 0.33. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilibadilisha kapasita zote mbili nikidhani zimekufa, nikapima rezista moja moja, kila kitu kilikuwa kizima, na namba ikabaki palepale 0.33. Kilichonifungua macho ni kuhamisha probu kutoka mwisho kwenda katikati, pale steji ya kwanza inapokutana na ya pili. Nilitegemea 0.707, ilikuwa 0.47. Nikachomoa mguu mmoja wa rezista ya pili, probu ikiwa palepale, wimbi likapanda mbele ya macho yangu mpaka 0.7. Nikarudisha mguu, likashuka tena. Kwa hiyo steji ya pili haikuwa na tatizo lolote, inapitisha 0.707 ya kile inachopewa kama ilivyoahidi (0.47 mara 0.707 ni 0.33), ila kuwepo kwake tu kumeishusha steji ya kwanza. Ile 0.707 ya kwanza ilikuwa kweli wakati hakuna kitu kilichoungwa mbele yake, na sisi tulizidisha tukaendelea kuitumia wakati hali imeshabadilika.

Ukitaka kulirudia jaribio hili angalia kitu kimoja, osiloskopu iwe kwenye DC na sio AC, maana kwenye AC yenyewe ina kona yake karibu na 10 Hz na itakuongezea upotevu wake juu ya ule unaoutafuta. Na multimita ya kawaida usiitegemee kwenye 16 Hz, nyingi zimepimwa kuanzia 40 Hz hivi.

Kwa nini inakuwa hivyo

Fikiria tanki mbili za maji. Bomba jembamba linajaza tanki la kwanza, halafu bomba jingine jembamba linatoka tanki la kwanza kwenda la pili. Rezista ni bomba, kapasita ni tanki. Kama tanki la pili halipo, maji yote ya bomba la kwanza yanabaki kujaza tanki la kwanza. Ukiliunga la pili, maji yake yatatoka wapi? Yanapita bomba la kwanza hilohilo. Bomba la kwanza sasa lina kazi ya kujaza tanki mbili, na lina wembamba uleule.

Hicho kitu kipo kwenye fomula kabisa, unaweza kukinyooshea kidole:

```
H(s) = 1 / (1 + s(R1C1 + R2C2 + R1C2) + s²R1C1R2C2)
```

Ukizidisha steji mbili kama wanavyofanya darasani unapata hivyohivyo isipokuwa `R1C2` haipo. Na `R1C2` maana yake ndo ileile ya maji, chaji ya kapasita ya pili inapita rezista ya kwanza. Ukielewa kipande hicho kimoja umeelewa mada nzima, kwa sababu kulinganisha njia tatu za mwanzo ni kuuliza tu: hapa `R1C2` ni kubwa kiasi gani ukiilinganisha na `R1C1` na `R2C2`?

Halafu tazama kipande cha mwisho chenye `s²`. Hakijaguswa. Masafa yakiwa juu sana kuliko kona kipande hicho ndo kinatawala, na 490 Hz ni mara 31 ya kona yetu, kwa hiyo mtikisiko unasafishwa karibu sawasawa iwe kuna mzigo au hakuna. Steji mbili zinautoa kutoka milivolti 255 mpaka kama milivolti 6 hadi 7 kwa njia zote nitakazozitaja. Ndo maana ukiangalia mtikisiko peke yake huwezi kujua umechagua vibaya.

Njia ya kwanza: steji mbili zinazolingana

10k na 1 µF, halafu 10k na 1 µF. `R1C1` ni milisekunde 10, `R2C2` ni 10, `R1C2` nayo ni 10. Jumla 30, wakati kuzidisha kulikuahidi 20. Kona ya jumla (pale unapopoteza desibeli 3) inaangukia 5.96 Hz badala ya 10.2 Hz, na muda wa kutulia ndani ya asilimia 1 ni milisekunde 125, wakati hesabu ya kuzidisha ilisema 66.

Ni mbaya? Inategemea. Kama unatoa volti ya kudhibiti kitu cha polepole, mfano kiwango cha mwanga wa taa au volti ya rejea ambayo inabadilika mara moja kwa dakika, milisekunde 125 hakuna atakayeziona na umetumia vifaa vya aina moja tu, unanunua rezista moja kwa wingi na kapasita moja kwa wingi. Mimi naitumia hii mara nyingi tu na siionei aibu. Ila iandike kwenye daftari kwamba kona ni 6 Hz sio 10, mwenzako atakayeirithi sakiti asije akapoteza siku nzima.

Njia ya pili: steji zinazopishana

Hapa unaacha RC ya kila steji ibaki milisekunde 10 lakini unaifanya steji ya pili iwe nzito kuingilika kuliko ya kwanza mara 10. Watu wengi wanaacha ya kwanza 10k na 1 µF halafu wanapandisha ya pili iwe 100k na 100 nF. Mimi nashauri ushushe ya kwanza badala ya kupandisha ya pili: 1k na 10 µF, halafu 10k na 1 µF. Sababu nitaisema mbele kidogo.

`R1C1` ni 10, `R2C2` ni 10, `R1C2` ni 1k mara 1 µF, yaani milisekunde 1 tu. Jumla 21. Kona inakwenda 9.56 Hz na muda wa kutulia milisekunde 73. Umeikaribia ndoto ya kuzidisha bila kununua hata chipu moja. Pini ya Arduino inatoa kwa wingi kabisa miliampia 5 kupitia hiyo 1k, na chipu yake inabeba 20 bila wasiwasi.

Hapa kuna mtego mmoja mkubwa na ni wa mpangilio. Vifaa vilevile vinne, ukiviunga kinyume, 10k na 1 µF mbele halafu 1k na 10 µF nyuma, ukahesabu kwa kuzidisha utapata jibu lilelile kwa sababu kuzidisha hakujali nani ametangulia. Lakini `R1C2` sasa ni 10k mara 10 µF, milisekunde 100! Jumla inakuwa 120, kona inaporomoka mpaka 1.3 Hz, na kutulia kunachukua milisekunde 550, zaidi ya nusu sekunde. Niliwahi kuletewa sakiti ya kudhibiti feni na kijana anayejifunza, akaniambia kaka programu yangu ina ucheleweshaji mahali na siuoni. Alikuwa ameshatafuta kwenye kodi siku mbili. Kodi ilikuwa nzima, alikuwa amegeuza steji. Tulizibadilishana nafasi pale pale mezani na feni ikaanza kuitikia. Dalili yake ni hiyo: mtikisiko mzuri kabisa, volti ya mwisho sahihi kabisa, ila kila kitu kinafika kimechelewa.

Njia ya tatu: bafa katikati

Unaweka opampu kati ya steji mbili, pato limerudishwa kwenye ingizo hasi, yenyewe inasoma volti ya tanki la kwanza bila kunywa maji yake na inalijaza tanki la pili kwa nguvu zake. `R1C2` inapotea kabisa. Kona 10.2 Hz, kutulia milisekunde 66, hesabu ya darasani imetimia.

Sasa jiulize umepata nini kuliko njia ya pili. Kona imetoka 9.56 kwenda 10.2, kama asilimia 7. Kapasita ya elektroliti ya 10 µF inauzwa na uvumilivu wa asilimia 20 juu au chini. Yaani umenunua chipu kusahihisha kosa la 7 wakati kapasita yenyewe inaweza kukuhamisha 20. Kwa PWM sioni sababu ya kuweka bafa katikati, naiona kwenye vipimo vya maabara ambapo umechagua kapasita za asilimia 1 na unahitaji kona iwe pale ulipoandika.

Na ukiweka bafa angalia chipu gani. LM358 ndo iko kila duka la spea, lakini ukiipa umeme wa volti 5 inaishia kama 3.5 juu. Utaona dyuti inapanda 50, 60, 70 vizuri, kutoka hapo pato linagoma hata ukiweka 90. Kwa volti 5 tafuta inayofika mpaka kwenye reli, MCP6002 mfano, na ina opampu mbili ndani kwa hiyo ya pili unaiweka mwishoni.

Njia ya nne: opampu mwishoni, kapasita ya kwanza ibadilishwe mguu

Hii ndo naipenda na naona haijulikani inavyostahili. Chukua steji mbili zilezile zinazolingana za njia ya kwanza. Weka opampu moja mwishoni kama bafa. Halafu ng'oa mguu wa kapasita ya kwanza uliokuwa graundi uunge kwenye pato la opampu. Basi. Hiyo ni filta ya Sallen-Key, na fomula yake inakuwa hivi:

```
H(s) = 1 / (1 + sC2(R1 + R2) + s²R1R2C1C2)
```

Na `R1C1` ndo imefutika. Kwa rezista zinazolingana na kapasita zinazolingana unabaki na milisekunde 10 na 10, jumla 20, yaani kuzidisha kwa darasani kamili kabisa kwa opampu moja, na pato halina udhaifu wowote. Zaidi ya hapo, ukifanya kapasita ya kwanza iwe mara mbili ya ya pili unapata kona kali kuliko filta yoyote ya RC tupu inavyoweza kukupa, maana RC tupu hata uzipishe mara elfu haziwezi kupita pale kuzidisha kunapoishia.

Kasoro yake inaonekana kwenye kingo za PWM. Mruko wa ghafla una masafa ya juu sana, na kule juu opampu haina nguvu ya kushikilia pato lake, kwa hiyo kapasita ya kwanza ambayo sasa imeegemea pato badala ya graundi inapitisha vimiiba vidogo kila PWM inapogeuka. Kwenye njia tatu za mwanzo huoni vimiiba hivi kwa sababu kapasita zimeegemea graundi. Ukiviona na vinakusumbua, rudi njia ya pili na opampu ibaki bafa ya mwisho tu.

Namba zote pamoja, ukiwa na haraka:

| Mpangilio | Kona (Hz) | Kutulia 1% (ms) | Ukinzani wa pato kwa DC |
|---|---|---|---|
| 10k/1µF, 10k/1µF | 5.96 | 125 | 20k |
| 1k/10µF, 10k/1µF | 9.56 | 73 | 11k |
| kinyume: 10k/1µF, 1k/10µF | 1.3 | 550 | 11k |
| bafa katikati, 10k/1µF kila upande | 10.2 | 66 | 10k |
| Sallen-Key, 10k/1µF zote | 10.2 | 66 | karibu sifuri |

Safu ya mwisho ndo inayosahaulika

Mzigo hauishii kati ya steji mbili. Kile unachokiunga mwishoni nacho ni mzigo, na huyo anashusha hata volti ya DC. Unga kitu chenye ukinzani wa 100k: njia ya kwanza itakupa volti 2.08 badala ya 2.5, njia ya pili 2.25. Hapa sasa ndo sababu niliyoahidi ya kushusha steji ya kwanza badala ya kupandisha ya pili. Ukitumia 10k na 100k, mwisho una ukinzani wa 110k, na hata probu ya osiloskopu kwenye x1, ambayo ni megaomu 1, inakushushia mpaka 2.25 kwa kuigusa tu. Utahangaika na sakiti ambayo ikiwa haipimwi iko sawa. Weka probu x10, volti ikirudi 2.47 ujue ulikuwa unapima kosa la probu.

Steji tatu sitazieleza sana, tatizo linakua haraka tu: tatu zinazolingana zina kona 3.1 Hz wakati kuzidisha kunasema 8.1. Waliosoma osileta ya RC ya kugeuza fezi wanaijua namba 29, ile nguvu ya amplifaya inayohitajika ili itetemeke. Ukizidisha steji tatu kila moja ikigeuza digrii 60 na kupitisha nusu, unapata 8. Tofauti ya 8 na 29 yote ni mzigo, na ndo maana ukiijenga kwa nguvu ya 10 inakaa kimya kabisa.

Kwa hiyo mimi mwenyewe nachaguaje: kama kinachofuata ni pini ya analogi au geti la MOSFET na sina haraka, zinazolingana. Nikihitaji iitikie chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, 1k/10µF halafu 10k/1µF, na nikiwa na opampu mkononi naiweka mwishoni, sio katikati. Kama kinachofuata kinakula mkondo wa maana, Sallen-Key, na hapo nawasha osiloskopu kwanza kuangalia vimiiba kabla sijaamua.